Kabla ununue Seiko ya mtumba, isome mgongo

Beshte yangu aliletewa Seiko ya kupiga mbizi, ile inaitwa SKX007. Bei elfu kumi na nane. Muuzaji akaapa: "Hii ni ya 1993, haijawahi kufunguliwa." Tukaigeuza, na mgongo ukaanza kutuambia mengine.

Nyuma kulikuwa na namba mbili. Ya kwanza ilikuwa 7S26-0020. Tarakimu nne za mbele ni jina la mashine iliyo ndani, na nne za nyuma ni bodi. SKX007 ni jina la dukani tu, usilitafute pale.

Ya pili ndiyo siri: 3N4127. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi. Januari hadi Septemba ni 1 hadi 9, Oktoba ni O au sufuri, Novemba ni N, Desemba ni D. Zilizobaki ni namba ya saa yenyewe. Kwa hivyo hii ilitoka Novemba ya mwaka unaoishia na 3. Lakini gani? Namba haisemi, mashine ndiyo inasema. 7S26 ilianza kutengenezwa 1996, kwa hivyo 1993 haiwezekani kabisa. Ni 2003 au 2013. Uongo wa kwanza tukaushika bila hata kufungua saa.

Halafu nikavuta ile nobu ya pembeni hadi mwisho, kama unayetaka kubadilisha saa. Mshale wa sekunde ukasimama. Shida hiyo! Mashine ya 7S26 haisimamishi sekunde, mshale unaendelea kutembea tu. Nikairudisha ndani na kuizungusha, nikahisi inajaza springi. Hiyo pia 7S26 haifanyi. Yenyewe hujazwa kwa kutingishwa mkononi.

Tukaenda kwa fundi wa saa akafungua. Kwenye kile kipande cha chuma kinachozunguka ndani tulitarajia kuona 7S26 na vito 21. Tukapata NH36 na vito 24. Mashine ya kisasa, bodi ya zamani.

Je, ni saa mbaya? Hapana. NH36 ni fiti na watu wengi huiweka makusudi. Shida ni kuuziwa kama haijaguswa. Beshte alirudi na picha, bei ikashuka hadi elfu kumi na moja, akachukua.

Onyo moja tu: hiyo namba imechongwa kwenye mfuniko, na mfuniko hufunguka. Mtu anaweza kuuhamisha kutoka saa nyingine. Kwa hivyo angalia pia maandishi madogo sana chini ya uso wa saa, karibu na namba 6. Yakianza na jina la mashine tofauti na la mgongo, uliza maswali kabla utume doo.