Barua ya Kuomba Kamera kwa Kalenda ya Bamvua

Chuo kinachofundisha filamu huwa na stoo moja ya vifaa na wanafunzi wengi wa mwaka wa mwisho. Kamera nzuri ni chache, kwa hiyo kila mwanafunzi hupangiwa siku zake, mara nyingi wiki moja mfululizo, kisha vifaa vinarudi na kwenda kwa mwenzake. Anayetaka zaidi ya hapo anaandika barua kwa jopo la idara. Nyingi ya barua hizo hukataliwa kwa sababu zinaeleza jinsi mwandishi anavyoipenda filamu yake, wakati jopo linataka kujua jambo jingine: kwa nini filamu hiyo haiwezi kupigwa ndani ya wiki moja aliyopewa kila mtu?

Tumchukue mwanafunzi wa Dar es Salaam anayetaka filamu yake ya kuhitimu, yenye dakika 20, iwahusu wanawake wanaolima mwani Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo hicho kilianza kule kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo wengi wa wakulima ni wanawake. Mwanafunzi anataka kumfuata mkulima mmoja tangu anapofunga vipande vya mbegu kwenye kamba hadi anapouza mwani mkavu.

Hapo ndipo hoja ya muda inapojitokeza yenyewe. Shamba la mwani liko chini ya bahari, na mkulima hulifikia kwa miguu siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali sana. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu. Katikati yake kuna maji mafu, ambapo bahari haikupwi vya kutosha na kazi ya shambani husimama. Mwani wenyewe huchukua takriban wiki sita tangu kupandwa hadi kuvunwa. Kwa hiyo aliyepanda katika bamvua moja atavuna bamvua ya tatu baada ya ile. Mwanafunzi aliyepewa wiki moja atapata kupanda au kuvuna, hatapata vyote viwili. Akipangiwa wiki ya maji mafu, atarudi na picha za bahari iliyojaa na wanawake walioketi nyumbani.

Barua nzuri inayasema haya katika aya mbili, tena kwa tarehe. Mwanafunzi anachukua jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, anaangalia siku ambazo maji yatashuka chini kabisa, na kuziandika. Mtindo wa barua ni ule ule wa kiofisi tuliouzoea, wenye anwani, mstari wa “Kupitia kwa Msimamizi” na kichwa cha habari. Ila baada ya “Ndugu Mwenyekiti, husika na kichwa cha habari hapo juu,” barua iingie kazini moja kwa moja. Kwa mfano:

“Naomba kugawiwa kamera kwa vipindi vitatu badala ya wiki moja mfululizo: siku tano za bamvua ya kupanda, siku tatu za maji mafu kwa ajili ya maisha ya nyumbani, na siku tano za bamvua ya kuvuna, wiki sita baadaye. Katikati ya vipindi hivyo vifaa vitakuwa stoo na wenzangu wataweza kuvitumia. Kwa kuwa mavuno yanaangukia baada ya tarehe ya kukusanya filamu, naomba pia kuongezewa wiki nne za uhariri.”

Tazama kilichofanyika hapo. Kazi imesambaa kwa wiki sita na zaidi, lakini kamera inaombwa kwa siku 13 tu, yaani siku sita zaidi ya kawaida. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi inayoamua barua nzima, kwa sababu inamwonyesha mtunza stoo kwamba hakuna mwanafunzi mwingine atakayekosa zamu yake.

Vifaa navyo viombwe kwa kufuata mahali penyewe. Unguja, maji ya bamvua hukupwa kabisa kuanzia mnamo saa nne asubuhi, kisha husogea mbele kwa muda usiofika saa moja kila siku. Maana yake kazi ya shambani hufanyika jua likiwa juu, kwenye mchanga mweupe unaorudisha mwanga machoni. Bila kinga, picha inaungua: anga na mchanga vinakuwa vyeupe tupu. Mwanafunzi anahitaji filta ya ND, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga. Ni kifaa kidogo, na jopo halina sababu ya kukikataa likielezwa hivyo.

Sauti ni ngumu zaidi. Pwani ile inatazamana na upepo wa kusi, na maiki iliyo juu ya kamera itarekodi mvumo mtupu. Mkulima anazungumza akiwa ameinama, maji yakimfika magotini au kiunoni, mita kadhaa kutoka kwa mpiga picha. Hivyo ziombwe maiki mbili ndogo zisizo na waya, pamoja na manyoya ya kuzuia upepo. Barua ieleze pia kwamba kisambaza sauti kitafungwa juu, nyuma ya bega chini ya mtandio, maana kikikaa kiunoni kama ilivyozoeleka kitazama. Sentensi moja kama hiyo hulihakikishia jopo kwamba mwombaji ameshafika shambani na kutazama.

Kisha ipo hofu ambayo jopo halitaisema waziwazi, nayo ni chumvi. Kamera iliyorukiwa na maji ya bahari huendelea kufanya kazi siku hiyo, halafu baada ya wiki kadhaa inaonekana ukungu mweupe kwenye shaba za betri, vitufe vinagoma na feni inachakaa. Mwombaji asisubiri kuulizwa. Aandike kwamba kamera itavaa mfuko wa kuzuia maji, lenzi haitabadilishwa ufukweni, na kila jioni vifaa vitapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kisha vikaushwe kabla ya kufungiwa. Ataje nani atabeba gharama kikiharibika kitu.

Hifadhi ya picha nayo isisahaulike. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Akirekodi saa moja na nusu kila siku kwa siku 13, atarudi na karibu gigabaiti 900, na zinatakiwa nakala mbili. Kwa hiyo ni diski mbili za terabaiti mbili kila moja, zikae kwenye mabegi tofauti wakati wa kuvuka kwa boti.

Ndege isiyo na rubani nashauri iachwe. Picha ya kamba za mwani kutoka angani inavutia, lakini inaleta vibali vingine na mashaka mengine, na hadithi ya mkulima mmoja inasimuliwa usawa wa macho yake.

Viambatanisho viwe vichache: jedwali la maji lililowekewa alama, orodha ya vifaa, nakala ya ombi la kibali cha kupiga filamu Zanzibar na ridhaa ya mkulima mwenyewe. Na wewe unayejiandaa kuandika barua ya namna hii, ipeleke kwa msimamizi aisaini kabla ratiba ya stoo haijabandikwa, kwa sababu baada ya hapo kila siku unayoiomba itakuwa tayari na mwenyewe.