Asilimia mbili, wastani mmoja wa uongo

Chukua shule yenye mikondo miwili ya Kidato cha Nne. Mkondo A una wanafunzi 20, wakafaulu 18, yaani asilimia 90. Mkondo B una 80, wakafaulu 32, yaani asilimia 40. Ukijumlisha 90 na 40 kisha ukagawa kwa 2, utatangaza ufaulu wa asilimia 65. Lakini hesabu vichwa: waliofaulu ni 50 kati ya 100. Ufaulu wa kweli ni asilimia 50.

Kosa ni kuwapa wanafunzi 20 sauti sawa na 80. Asilimia huficha idadi iliyoizaa, kwa hiyo kila moja izidishwe kwanza kwa uzito wake. Wastani wa kawaida ni salama pale tu makundi yanapolingana, au asilimia zenyewe zinapofanana.

Alama za kozi hufuata kanuni hiyohiyo. Kazi za muhula zikibeba 40 na mtihani 60, mwanafunzi mwenye asilimia 80 na 50 hupata 32 jumlisha 30, yaani 62, wala si 65. Ukipewa wastani wa asilimia, uliza kwanza: kila moja imetoka kwa watu wangapi?