Kadi Moja, Namba Moja

Kanuni za makosa madogo ya barabarani zilizotoka Kenya mwaka 2016 zilipanga faini za mwendo kasi kwa ngazi. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa, unapewa onyo. 6 hadi 10, shilingi 500. 11 hadi 15, shilingi 3,000. 16 hadi 20, shilingi 10,000. Ukiisoma orodha hii mara kumi usiku mmoja, utadhani imekukaa. Baada ya siku chache namba zote bado unazo, ila hujui ipi ni ya wapi. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa udereva wanapokwama: namba zinafanana, na kila moja inaivuta mwenzake.

Dawa ni kadi ndogo, swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Kosa la kwanza ni kuandika “Faini za mwendo kasi ni zipi?” Swali hilo lina majibu manne. Ukipata matatu, umepita au umeanguka? Andika hivi: “Eneo la 50, gari lina 62. Faini?” Nyuma: “Umezidisha 12: shilingi 3,000.” Kisha tengeneza mbili za mpakani, moja ya 60 na nyingine ya 61. Ya kwanza ni 500, ya pili 3,000. Kadi za mpakani ndizo zinazofundisha kuliko zote, kwa sababu hazikuachii nafasi ya kukisia.

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza namna ya kufanya hivyo kwa kisanduku chenye vyumba. Kadi zote huanzia chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukijibu sawa, kadi inasogea chumba cha pili, kila baada ya siku mbili. Halafu nne, halafu nane. Ukikosea, hata ikiwa imefika mwisho, inarudi cha kwanza. Jibu kwa sauti kabla ya kugeuza. Ukigeuza kwanza, kila jibu litaonekana kama ulilijua.

Kuna dalili moja ya kuangalia. Ukianza kujibu kabla ya kumaliza kusoma swali, umeikariri sura ya kadi, si kanuni. Badilisha mwendo: 62 iwe 64, jibu libaki lilelile. Na kadi inayorudi chumba cha kwanza kila mara haihitaji marudio zaidi, inahitaji kuandikwa upya. Mara nyingi inagongana na nyingine: kutofunga mkanda nako ni shilingi 500 katika kanuni hizohizo. Ziweke kesi hizo mbili kwenye kadi moja, uulize zinafanana kwa nini.

Pembeni mwa kila kadi andika mwaka wa kanuni. Faini ikibadilishwa, ichane kadi ya zamani na uianzishe mpya chumba cha kwanza, kwani kwa muda namba ya zamani ndiyo itakayotangulia mdomoni.