Kabla Umpishe Fundi, Andikishaneni

Una kinyozi Kitui mjini ama duka la simu kule Wote. Landlodi anataka kung'oa paa lote, anakuambia uhame kidogo halafu utarudi. Shida iko kwa hilo neno "kidogo". Ukirudisha funguo bila maandishi, anaweza kusema ulihama kabisa, na chumba kipya apewe mwingine kwa kodi ya juu.

Kwa maduka mengi yasiyo na mkataba mrefu, Sheria Sura ya 301 inataka akupe notisi ya maandishi ya miezi 2 au zaidi, na unaweza kuipinga kwa jopo la kodi za biashara kabla muda uishe. Meseji ya "toka Ijumaa" si notisi.

Tuseme unalipa 6,000, anakupeleka chumba cha nyuma cha 4,000. Andikeni kwamba utalipa 4,000 tangu siku unayohama, dipoziti yako haiguswi, na tarehe ya kurudi kwa 6,000 ile ile, mwaka mzima. Halafu wengi husahau hili: fundi akichelewa je? Andikeni kodi ya nyuma ishuke hadi 2,000 mpaka urudi. Mkisaini mbele ya shahidi, kila mtu abaki na nakala yake.