Kwa Nini RAM ya Leo Inagoma Kwenye Laptopu ya Juzi

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja, bisibisi bado mkononi. "Shikamoo mjomba. Hii RAM inagoma kuingia. Nikandamize?"

"Marahaba. Usikandamize!"

Anasoma chuo na anatumia laptopu ya mtumba, HP EliteBook 840 G1. Ilikuja na RAM ya gigabaiti 4, na akifungua kurasa sita za intaneti pamoja na kazi yake ya darasani, inaanza kusota. Rafiki yake ana EliteBook 840 pia, aliiongezea RAM ikawa nyepesi. Mpwa wangu akanunua kipande kama kile kile, cha gigabaiti 16. Jambo moja hakuliona: ya rafiki yake ni 840 G3. Jina la ukoo ni moja, lakini ndani ni mashine mbili tofauti. G1 inatumia memori ya kizazi cha DDR3, na G3 inatumia DDR4.

Vizazi hivi hupangwa na JEDEC, chombo kinachowakutanisha watengenezaji wa chipu ili wakubaliane vipimo. Kiwango cha DDR3 kilitoka 2007, DDR4 ikafuata 2012, DDR5 ikaja 2020. Kila mara vipimo vya kipande chenyewe hubadilishwa. RAM ya laptopu ya DDR3 ina pini 204 na upana wa milimita 67.6. Ya DDR4 ina pini 260, upana milimita 69.6. Na lile pengo dogo katikati ya meno ya dhahabu limehamishwa. Ukivitazama haraka utasema ni mapacha, ila ukijaribu kuchomeka, pengo halikutani na kigingi cha soketi.

Wengi hudhani pengo ndilo kikwazo. Mimi naliona kama mlinzi wa getini. Kikwazo chenyewe kiko mbele zaidi, kwenye prosesa. Zamani, chipu inayozungumza na memori ilikaa kwenye mazabodi. Kuanzia 2008 Inteli nao wakaanza kuihamishia ndani ya prosesa, miaka mitano hivi baada ya wapinzani wao AMD. Kwa hiyo prosesa huzaliwa ikijua memori gani itaelewana nayo. Prosesa ya i5-4300U, inayopatikana kwenye 840 G1 nyingi, inaijua memori ya kizazi cha tatu peke yake, tena ile inayotumia umeme mdogo. Hata ungepata fundi wa kulichonga lile pengo, prosesa isingeelewa neno hata moja.

Ndugu yake i5-6300U, anayekaa kwenye G3, anazijua DDR3L na DDR4 zote mbili. Lakini nyaya za mazabodi yake zimechorwa kwa ajili ya DDR4, basi G3 nayo haipokei DDR3. Ndiyo maana jina la prosesa peke yake halitoshi unapokwenda dukani. Taja modeli nzima ya laptopu, pamoja na ile G ya mwisho.

Mpwa wangu alikuwa na bahati, kwa sababu kosa lake lilizuiwa na plastiki. Kosa baya zaidi ni lile linaloingia bila kelele. DDR3 iko ya namna mbili: ya kawaida inayotaka volti 1.5, na DDR3L inayotosheka na volti 1.35. Zote zina pini 204 na pengo mahali pale pale. Ukichomeka ya volti 1.5 kwenye laptopu kama 840 G1, inakaa vizuri, klipu zinabana, unafunga mfuniko. Unawasha: feni inazunguka, skrini nyeusi, pengine taa ya kitufe cha herufi kubwa inamweka. Watu hudhani mazabodi imekufa. Toa kipande kipya, rudisha cha zamani. Ikiwaka, umeshampata mgonjwa.

Tofauti hiyo yote imebebwa na herufi moja kwenye stika. Nilimwambia mpwa wangu achomoe RAM ya zamani, betri ikiwa imetolewa, anisomee. Akasoma: PC3L-12800S. Tatu ni kizazi, L ni umeme mdogo, S ni umbo dogo la laptopu. Halafu akasoma ile mpya: PC4-2400T. Akanyamaza kidogo. "Mjomba, mbona ya zamani ina namba kubwa?"

Swali zuri, na wenye viwango hawakutusaidia hapa. Kwenye stika ya DDR3, 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde. Kwenye ya DDR4, 2400 ni idadi ya safari kwa sekunde, kwa mamilioni. Kila safari hubeba baiti 8. Zidisha 2400 kwa 8, unapata 19200. Gawanya 12800 kwa 8, unapata 1600. Kumbe mpya ndiyo yenye kasi.

Lakini kasi hiyo ni ya namna gani? Fikiria kisima na mikokoteni ya madumu. Kila kizazi kipya kimeongeza mikokoteni barabarani, ila muda wa kuteka dumu la kwanza haujapungua sana. Memori ya DDR3 ya 1600 kwa kawaida husubiri mapigo 11, na kila pigo huchukua nanosekunde 1.25. Jumla ni 13.75. DDR4 ya 3200 iliyo ya kawaida husubiri mapigo 22 ya nanosekunde 0.625. Piga hesabu: 13.75 ile ile. Kwa mtu anayevuta video ndefu za kuhariri, mikokoteni mingi ni faida kubwa. Kwa mpwa wangu na kurasa zake sita, kilichokuwa kinamkwamisha ni kukosa nafasi, na nafasi huongezwa kwa gigabaiti.

Ndani ya kizazi kimoja mambo ni mepesi. G3 ya rafiki yake inakwenda kwa 2133, na ukiipa kipande cha 2400, kitapunguza mwendo kifuate mashine. Ukichanganya viwili vya kasi tofauti, vyote hutembea kwa mwendo wa yule mzito.

Kwa laptopu inayowaka, si lazima kufungua mfuniko kwanza. Kwenye Windows, Task Manager upande wa Performance, kisha Memory, huonyesha Speed na Slots used. Windows 10 pia inajibu amri hii:

```
wmic memorychip get Capacity,Speed,PartNumber
```

Kwa laptopu, 1333 au 1600 karibu daima ni DDR3, 2133 hadi 3200 ni DDR4, na 4800 kwenda juu ni DDR5. Hiyo DDR5 ina pini 262, mbili tu zaidi ya DDR4, na upana ule ule; hapo macho hayatoshi kabisa, soma stika. Na kama memori imechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi bila soketi, kama ilivyo kwenye laptopu nyingi nyembamba, hakuna cha kubadilisha.

Duka lilikubali kubadilishana. Nilimwonya asitafute tena gigabaiti 16, kwa kuwa kwenye G1 kila soketi inaishia 8. Akachukua PC3L-12800S ya gigabaiti 8, akaichomeka kwa nyuzi kama thelathini, akaisukuma chini mpaka klipu zikalia mbili kwa pamoja. Task Manager ikasoma 12.0 GB, Speed 1600, Slots used 2 of 2. Usiku huo alinitumia picha ya skrini yenye kurasa ishirini na tatu zimefunguliwa.