Siku Ipi Bei Imetikisika Kweli?

Tahadhari ya mtikisiko wa bei ni ujumbe ambao programu humtumia mfuatiliaji wa soko pale bei ya bidhaa, hisa au sarafu inapokwenda mbali kuliko ilivyozoea. Ugumu wote umo katika hayo mazoea. Kahawa ya arabika huuzwa New York kwa mikataba ya baadaye, na bei yake, inayotajwa kwa senti za dola kwa ratili, inaweza kusogea asilimia 3 kwa siku bila mtu kushtuka. Yuro ikisogea asilimia 3 dhidi ya dola kwa siku moja, benki kuu zitaulizwa maswali. Kengele iliyowekwa kwenye asilimia 3 kwa kila kitu italia mara kwa mara kwenye kahawa mpaka mwenyewe aizime, na kwenye yuro inaweza kukaa miaka bila kulia. Kinachotakiwa ni kipimo kinachoanza na mwenendo wa bidhaa yenyewe, kisha kiulize kama siku ya leo imetoka nje ya mwenendo huo.

Kipimo kinachotumika zaidi kwa kazi hiyo huonekana kwenye chati kwa herufi tatu, ATR, yaani wastani wa upana halisi. Alikibuni Mmarekani J. Welles Wilder, mtu wa uhandisi wa mitambo aliyehamia kwenye biashara ya masoko, naye akakieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978, kilekile kilicholeta kipimo maarufu cha RSI. Wilder alishughulika na masoko ya bidhaa, na huko alikutana na tatizo ambalo kipimo cha kawaida kingelipita bila kuliona.

Upana wa siku kwa maana ya kawaida ni bei ya juu kabisa ya siku hiyo ukitoa bei ya chini kabisa. Tatizo ni kwamba bei huruka wakati soko limefungwa. Mnamo tarehe 20 Julai 2021 baridi kali iliunguza mibuni katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazili, nchi inayozalisha kahawa nyingi kuliko nyingine yoyote, na katika siku zilizofuata bei ya New York ikavuka senti 200 kwa ratili. Habari za namna hiyo hazisubiri soko lifunguliwe. Zikifika usiku, asubuhi bei huanzia mahali pengine kabisa, na pengo lililoachwa halimo ndani ya upana wa siku yoyote ile.

Mfano wa tarakimu za kubuni unaonyesha jambo hilo vizuri. Tuseme kahawa ilifunga jana kwenye senti 180. Leo imefungua kwenye 187, ikapanda hadi 191, ikashuka hadi 186, na kufunga kwenye 190. Juu ukitoa chini ni senti 5. Kama siku za karibuni zimekuwa na upana wa senti 6 kwa wastani, hesabu hiyo inasema leo soko lilitulia kuliko kawaida, ilhali mnunuzi aliyelala na bei ya 180 kichwani ameamka na kuikuta imefika 191.

Wilder aliondoa kasoro hiyo kwa kuiingiza bei ya kufungia ya jana. Upana halisi, au TR, ni kilicho kikubwa zaidi kati ya vitu vitatu: juu ya leo ukitoa chini ya leo, umbali kati ya juu ya leo na kufungia kwa jana, na umbali kati ya chini ya leo na kufungia kwa jana. Kwa kahawa yetu vitatu hivyo ni 5, 11 na 6. Upana halisi wa leo ni 11.

Wastani wake huchukuliwa kwa kawaida kwa siku 14, idadi aliyoipendekeza Wilder mwenyewe. Wastani wa kwanza hupatikana kwa kujumlisha siku 14 na kugawanya. Baada ya hapo kila siku mpya huingizwa hivi: wastani wa jana mara 13, ongeza upana halisi wa leo, gawanya kwa 14. Wastani wa jana ukiwa 6 na leo ikiwa 11, wastani mpya ni 89 kugawanya kwa 14, yaani karibu 6.36. Hesabu yote hukaa kwenye jedwali la kawaida la kompyuta. Bei ya juu ikiwa safu ya C, ya chini D, ya kufungia E, upana halisi F na wastani G, mstari wa tatu utaandikwa hivi:

```
F3: =MAX(C3-D3, ABS(C3-E2), ABS(D3-E2))
G3: =(G2*13+F3)/14
H3: =IF(F3>2*G2, "TAHADHARI", "")
```

Fomula ya mwisho ndiyo kengele yenyewe, na ndani yake mna jambo dogo linalokosewa sana. Upana wa leo unalinganishwa na wastani wa jana, G2, wala si wa leo. Wastani wa leo umeshaonja siku ile ile inayopimwa, kwa hiyo siku yenye vurugu husaidia kujificha. Kahawa ikipata siku yenye upana wa senti 24 wakati wastani wa jana ni 6, siku hiyo ni mara 4 ya kawaida. Ukitumia wastani wa leo, ambao sasa ni karibu 7.29, unapata mara 3.3 tu. Tofauti hiyo ina uzito pale mtu alipoweka mpaka kati ya tarakimu hizo mbili.

Mpaka uwe wapi? Mara 2 ya wastani hutajwa sana, lakini hakuna kanuni ya hisabati inayouamuru. Upana halisi hauwezi kushuka chini ya sifuri, lakini juu hauna dari. Siku nyingi hurundikana karibu na wastani na chache huchomoza mbali sana, hivyo majedwali ya takwimu yanayodhani pande mbili zimelingana hayafai hapa. Njia ya uaminifu ni kuchukua bei za miaka kadhaa ya bidhaa husika na kuhesabu kengele ingelia mara ngapi kwa mwaka. Mwaka wa soko una siku zipatazo 250. Mpaka unaoleta kengele 40 unaita takribani kila baada ya siku sita, na kengele ya namna hiyo itapuuzwa siku inayohitajika. Inafaa pia kukumbuka kwamba ATR haina mwelekeo. Siku ya kupanda senti 11 na ya kushuka senti 11 kwake ni mamoja.

Udhaifu mkubwa wa kengele hii unatokana na kumbukumbu yake. Ile siku ya senti 24 ilizidi kawaida kwa senti 18, na sehemu moja ya 14 ya ziada hiyo imebaki ndani ya wastani. Kwa hesabu ya Wilder haitoki kwa mkupuo. Hupungua kidogo kidogo, na hufika nusu baada ya siku 9 hivi za soko. Katika muda huo mpaka wa kengele, uliokuwa senti 12, umepanda hadi zaidi ya 14, na siku ya senti 13 ambayo mwezi uliopita ingeamsha watu sasa inapita kimya. Msukosuko halisi mara nyingi huja kwa mfululizo, kwa hiyo kengele husikika siku ya kwanza au ya pili, kisha husinyaa wakati vurugu ingali mbichi.

Utulivu nao una hila yake. Mwishoni mwa Desemba wafanyabiashara wengi huwa likizo, upana hupungua, na wastani hushuka nao. Ukifika senti 2, siku ya kawaida kabisa ya senti 5 katika Januari itapiga kengele. Dawa ni kuweka sharti la pili: upana wa leo uzidi mara 2 ya wastani wa siku 14, na pia uzidi, tuseme, mara moja na nusu ya wastani wa siku 100. Wastani mrefu hausahau upesi jinsi soko lilivyokuwa kabla ya likizo.

Kengele nyingine za uongo hutoka kwenye takwimu zenyewe. Mkataba wa kahawa wa mwezi mmoja unapokaribia kwisha, chati huhamia mkataba unaofuata, ambao una bei yake tofauti, na pengo kati yao huhesabiwa kama mruko ingawa hakuna mkulima wala mnunuzi aliyeguswa. Hisa zikigawanywa bila takwimu za nyuma kurekebishwa hutokea vivyo hivyo. Wala ATR si ileile kila mahali: programu za MetaTrader huchukua wastani wa kawaida wa siku 14, TradingView kwa kuanzia hutumia ule wa Wilder, hivyo watu wawili wenye mipangilio inayofanana hawatasikia kengele siku zilezile. Na kwenye hisa zisizouzwa kila siku, kama zilivyo nyingi katika masoko ya Nairobi na Dar es Salaam, upana huwa sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, wastani unakaribia kutoweka, na muamala mmoja mdogo unatosha kuleta tahadhari. Huko ni heri kuangalia kwanza ni hisa ngapi zimebadili mikono.

Kipo pia kisa ambacho marekebisho yote hayo yasingekisaidia. Kuanzia tarehe 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi iliahidi kutoiachia yuro ishuke chini ya faranga 1.20. Kufikia mwisho wa 2014 bei ilikuwa imelala juu kidogo tu ya sakafu hiyo, na upana wa siku ulikuwa sehemu ndogo ya senti moja ya faranga. ATR ilisema soko limetulia, na ilisema kweli, maana yenyewe hupima yaliyokwisha kutokea. Haikuweza kujua kwamba utulivu ule umeshikiliwa na benki moja. Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2015 benki ikaiondoa sakafu, na ndani ya dakika chache yuro ikaanguka chini ya faranga moja. Kengele ililia, lakini waliokuwa wamepima ukubwa wa biashara zao kwa utulivu wa wiki zilizotangulia walikuwa wameshapoteza, na baadhi ya madalali wa sarafu walifilisika katika siku zilizofuata.

Siku hiyo moja, yenye upana wa zaidi ya faranga 0.20, iliongeza kwenye wastani wa siku 14 zaidi ya faranga 0.014, mara nyingi ya upana wa siku ya kawaida kabla yake. Wiki nzima baadaye kengele isingesikia mruko wa senti mbili za faranga, ambao kabla ya hapo ungekuwa kishindo. Kwa ajili hiyo baadhi ya watu huweka kikomo kwa kile kinachoruhusiwa kuingia kwenye wastani: siku ikizidi mara 3 ya wastani wa jana, huingizwa kama mara 3 tu, ingawa kengele yenyewe hupimwa kwa upana wote ulivyokuwa.