Fahamu: Barua ya kuomba ufadhili wa kusomea afya ya jamii

Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa ulioua watu 3 Ruangwa, jirani na Rondo, ni homa ya Mgunda. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya hasa, na dalili za mwanzo hufanana na za malaria.

Afisa afya wa Rondo anayeomba ufadhili wa shahada ya uzamili aanzie barua yake hapo. Kozi za maendeleo za DAAD ya Ujerumani, kwa mfano, humtaka mwombaji awe amefanya kazi walau miaka 2 baada ya shahada ya kwanza, na barua ioneshe jinsi kazi hiyo inavyohusiana na masomo.

Wengi huandika: "Napenda kuisaidia jamii yangu." Sentensi hiyo haimwambii msomaji lolote. Afadhali: "Wagonjwa wenye homa wakipimwa malaria na kukutwa hawana, rejista yetu haioneshi kilichowaumiza. Nataka kujifunza epidemiolojia ili niweze kutambua mapema ongezeko la homa lisilo la kawaida." Hapo kuna tatizo, pengo la ujuzi na sababu ya kuchagua kozi hiyo. Kisha mwombaji ataje somo husika na kituo atakachorudi kukitumikia. Asiahidi kutokomeza ugonjwa. Wasomaji wa barua hizi wanajua mtu mmoja hawezi.

Kabla ya kutuma, jaribu kuisoma barua bila jina la chuo. Ikiwa inafaa chuo chochote, iandike upya.